Siku ya Elfu Kumi ya Binti Yangu

Binti yangu anapima dhahabu Rwamgasa. Alipotimiza miaka ishirini na saba nilimwambia siku yake ya elfu kumi itakuwa Jumatano fulani, aombe ruhusa kazini aje nyumbani Kagongwa tuchinje mbuzi. Nilikuwa nimezidisha miaka hiyo kwa 365, kisha nikaongeza siku zilizopungua kufika elfu kumi.

Alinipigia simu.

"Shikamoo, Baba. Si nilizaliwa Jumapili?"

"Marahaba. Ndiyo, Jumapili."

"Siku elfu kumi ni wiki 1,428 na siku nne. Lazima iangukie Alhamisi. Baba, Februari ishirini na tisa zote umezila!"

Nilihesabu upya. Zilikuwa sita, na siku yenyewe ilitangulia Jumatano yangu kwa siku sita. Alhamisi hiyo tulichinja, na kila mgeni nilimweleza kwa furaha nani alinisahihisha.