Mama Ijumaa na Ijumaa Iliyomtoa Jasho

Wateja ndio waliombatiza jina la Mama Ijumaa, naye kwa ujinga wake akalifurahia. Mwaka mzima, kila Ijumaa saa sita mchana, alitangaza nusu bei kwenye ukurasa wake wa kuuzia mikoba mtandaoni, kwa saa mbili tu, na mikoba ikanyakuliwa kama ya bure. Hata kuku huijua saa ya kumwagiwa mtama, seuze binadamu mwenye simu.

Sasa ilikuwa Jumatano. Mzigo mpya umejaa chumbani hadi kitandani, na jumbe kumi na moja zilisema lile lile: "Dada, huo wa kahawia mzuri mno. Tuonane Ijumaa."

Mzigo huu aliununua ghali; kwa nusu bei angeuza kwa hasara. Asipouza kabisa, shemeji yake alishamwekea meza ofisini kwake, kando ya mlango wa choo, apokee simu na kucheka vichekesho vya bosi, yaani shemeji mwenyewe.

"Umewafundisha mwenyewe," dada yake alisema, akikata utepe wa gundi kwa meno. "Anayenunua Jumanne kwa bei kamili ni nani, kama si mjinga? Na ukimfanya mjinga mara moja, harudi."

"Nikiacha watanikimbia."

"Kwani sasa hivi wamekukalia mapajani?"

Ijumaa saa sita ikafika. Mama Ijumaa aliikalia simu, kwa makalio kabisa, nayo ikatetemeka chini yake kama chura. Ofa iko wapi? Umelala? Wengine wakaaga kwa matusi. Alitokwa jasho hadi viganjani. Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Aliota anacheka vichekesho vya shemeji.

Jumatatu asubuhi aliwaandikia faraghani wale tu waliowahi kulipa bei kamili: imebaki mikoba sita ya zambarau ya msimu uliopita, rangi ambayo haitaletwa tena; bei imeshuka mpaka iishe. Mzigo mpya hakuugusa. Ya sita ilipoondoka, akafunga ofa.

Mmoja akachelewa. "Mama Ijumaa, nipunguzie huo wa kahawia basi. Mimi si mteja wako?"

Kidole kilielea juu ya neno "sawa". Dada yake akaacha kufunga vifurushi.

"Huo mpya bei ni hiyo hiyo, mpenzi," akaandika. "Ila nitakuwekea kamba ya ziada ya begani."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ni siku kama nyingine."

Hakujibiwa. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, na shemeji akapiga simu kuuliza kama anapenda kiti chenye magurudumu.

Jumatano malipo ya mkoba wa kahawia yakaingia. Bei kamili. Chini yake yule mteja aliyechelewa ameandika: "Umekuwa mgumu, Mama Jumatano. Kamba usisahau."

Mmoja tu. Chumba bado kimejaa hadi kitandani, na Ijumaa ni keshokutwa. Mama Ijumaa akatafuta kamba, akaifunga mara tatu.

"Keshokutwa," alimwambia dada yake, "hii simu utaikalia wewe."