Upande Usioonekana Kwenye Picha

Wateja walimwita Kamusi, na yeye aliitika. Miaka nenda rudi alikuwa amekaa katika chumba kile kile chembamba nyuma ya mahakama, kati ya mashine ya fotokopi na feni inayokohoa, akifasiri karatasi za watu kutoka Kiingereza: vyeti vya ndoa, hukumu, wosia, hati za viwanja. Alikuwa mpole, mwepesi wa kucheka, ila kwa jambo moja tu. Ukimwambia, "Hapo weka tu neno lolote," utajuta. Wakili mmoja kijana aliwahi kumwomba apunguze zile nyuzi na dakika, vipimo vya pembe za mipaka, kwenye hati ili ukurasa ukae vizuri. Alirudishiwa karatasi zake dirishani, na tangu siku hiyo anasalimia akiwa mbali.

Shemeji yake alipoingia na simu mkononi, Kamusi alijua kuna neno. Huyu ni mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mizaha, asiyeingia mahali bila kuuliza kama chai iko. Siku hiyo hakuuliza. Alikuwa amepata kiwanja kando ya barabara kuu, mahali pa kujenga karakana yake mwenyewe, aache kufukuzwa fukuzwa kwenye vibaraza vya watu. Mama yao alikuwa ameuza shamba lake, lile pekee alilobaki nalo, ili kiwanja kinunuliwe. Mama alitoa sharti moja: asomewe hati yote kwa Kiswahili kabla mwanawe hajatia sahihi.

"Dalali amenitumia picha," shemeji akasema. "Nifanyie leo leo, Kamusi wangu. Kuna mtu mwingine anakitaka."

Kamusi akaikuza picha kwa vidole viwili. Maandishi ya hati yalisomeka vizuri. Ramani ya upimaji ndiyo iliyomkunja uso. Kutoka bikoni A, jiwe la kwanza la mpaka, nyuzi 92 na dakika 10, mita 40.00, hadi bikoni B: sawa. Kutoka B kushuka kusini hadi C, upande wa kuelekea barabarani, mtu aliyeshika karatasi alikuwa ameweka kidole gumba juu ya kipimo. Kila mstari wa ukucha ulionekana, kipimo hakuna. Kutoka C hadi D, mita 40.00 tena. Kutoka D kurudi A, mwanga wa flashi ulikuwa umeimeza namba nzima.

"Shemeji, picha hii ina kidole."

"Kidole nini tena?"

"Kidole cha dalali wako. Mwambie apige nyingine."

Shemeji akampigia pale pale, simu ikiwa kwenye spika. Dalali alikuwa na ulimi wa asali. "Hapo ni ishirini na nne, mama yangu. Mita ishirini na nne mpaka barabarani. Mwenyewe fundi tumepima naye kwa miguu. Andika tu."

"Mimi siandiki ninachoambiwa. Naandika ninachokiona. Nitumie picha nyingine."

Dalali akasema hati iko kwa mwenye kiwanja, naye kasafiri. Simu ikakatika.

Hapo Kamusi akafanya jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya. Alichukua kikokotoo. Hati ilitaja eneo: hekta 0.0568. Hiyo ni mita za mraba mia tano sitini na nane. Akagawanya kwa arobaini, akamgeuzia shemeji kile kioo kidogo. Kumi na nne nukta mbili.

"Shemeji, ingekuwa ishirini na nne, eneo lingekuwa mia tisa sitini. Kuna karibu mita kumi hazimo. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi wa hati, utoe nakala ya ramani. Halafu chukua mpimaji akakuonyeshe bikoni zako ardhini. Mimi si mpimaji, lakini hesabu hii nimeifanya mbele yako."

Shemeji akakitazama kikokotoo kama kimemtukana. Kisha akampigia tena dalali, safari hii nje, mlangoni, mgongo akiwa ameugeuza. Aliporudi uso ulikuwa umekunjuka. "Anasema hekta hizo ni za zamani. Kipande cha mbele kiliongezwa baadaye."

"Kiliongezwa wapi, kwa karatasi gani?"

"Kamusi, nimesimama pale kwa miguu yangu! Uzio unafika barabarani!" Akashusha sauti. "Niandikie ishirini na nne. Mama akisikia namba haionekani, ataogopa."

"Basi na aogope."

Kamusi aliandika upande mmoja baada ya mwingine, bila kuacha nyuzi wala dakika, na kwenye upande wa B hadi C, ndani ya mabano, akaweka: kipimo hakionekani, kimefunikwa na kidole katika picha. Na kwenye upande wa D hadi A: kipimo hakisomeki kwa sababu ya mwanga. Ile kumi na nne nukta mbili hakuiweka, kwa kuwa haikuwa kwenye picha. Akagonga mhuri.

Jioni alimsomea mama mkwe kitandani kwake, pole pole. Kwenye mabano hakupunguza sauti. Mama akainua mkono.

"Kwa nini hakionekani, mwanangu?"

"Mama, ni picha tu," shemeji akadakia.

"Nimemuuliza yeye."

Kamusi akamwambia yote, kidole, flashi, hesabu, ofisi ya ardhi. Alisema wazi kwamba anaogopa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mwanawe, mtu mzima mwenye mvi za kwanza na makovu ya cheche mikononi, aliyekaa ukingoni mwa kiti kama anasubiri majibu ya mtihani. Kamusi aliona moyo wa mama unavyolainika.

"Ameshakiona kwa macho yake," mama akasema. "Mtoto wangu hawezi kunipoteza."

Wakanunua. Hati ikahamishwa, mama akaifungia sandukuni bila mtu kuisoma. Shemeji akasimamisha nguzo za karakana mbele kabisa, ambapo wenye magari wangeona mageti yake. Zilipofika usawa wa kifua, watu wa barabara walikuja na rangi nyekundu, wakaweka alama ya X, ya kubomolewa, kwenye kila nguzo.

Ndipo mpimaji akaitwa. Alisimika vifaa vyake, akahesabu kutoka bikoni za nyuma, akachimba kidogo, na jembe likagonga zege. Bikoni C ilikuwa imelala chini ya udongo, nyuma ya nguzo zote. Kutoka hapo hadi lami ni hifadhi ya barabara, alisema kwa upole. Haiuzwi, na haijengwi. Fidia hakuna. Simu ya dalali haikupatikana, wala ya yule muuzaji aliyesafiri.

Shemeji alikaa chini kwenye mchanga wa ujenzi. Mama alikuwa ameletwa na kiti chake, khanga imefunika kichwa. Alimnyooshea Kamusi ile hati halisi, yenye ramani isiyofunikwa na chochote.

"Nisomee, mwanangu."

Kamusi akasoma. Kutoka B hadi C, nyuzi 182 na dakika 10, mita kumi na nne nukta mbili sifuri. Alitamani, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, kuandika uongo, na uongo huo uwe kweli.

Mama akatazama nguzo, akamtazama mwanawe pale chini, kisha akarudisha macho kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

"Hebu soma tena," akasema. "Soma pole pole."

Akasoma tena, pole pole.