Lundo Lililofunikwa Turubai

Miaka kumi na tisa Mejumaa aliosha sufuria za Hoteli ya Roshani, mitaa miwili kutoka Ngome ya Yesu, mpaka sabuni ikamla vidole. Ngozi ilipasuka hata kukamua ndimu kukawa adhabu. Kwa hivyo meneja Nicanor alipotangaza kwamba hoteli inatafuta cheti cha kutunza mazingira, na kwamba anataka mtu wa kushughulikia mabaki ya jikoni, wenzake waliangalia sakafu, naye akainua mkono. Uchafu kwa uchafu, alijiambia, afadhali usio na sabuni.

Nicanor naye alikuwa adui mkubwa wa plastiki, hasa mdomoni. Aliondoa vyumbani chupa ndogo za maji akaweka za kioo, zijazwe kwenye chujio. Hilo lilikuwa jema, tumpe haki yake. Kisha akaagiza mirija ya karatasi, nayo ikaja kila mmoja umevishwa kijifuko chake cha plastiki. Mlangoni akatundika bango la plastiki lenye upana wa mita sita: HAPA PLASTIKI NI MWIKO.

Mejumaa hakutundika chochote. Kwenye ua wa nyuma alirundika maganda ya mboga, majani ya chai na machicha ya nazi, maana jikoni hazikunwi nazi chini ya thelathini kwa siku. Wiki ya kwanza lundo lilinuka hadi wafua nguo wa hoteli wakagombana naye. Machicha mabichi yakishikana hukosa hewa, yakachacha. Mejumaa hakuuliza mtaalamu. Alichambua makumbi ya nazi, akachana katoni, akafagia majani makavu ya mkungu, na kila ndoo ya mabichi akaitandikia ndoo mbili za vikavu. Mifupa ya samaki hakuitia, isije ikaita panya. Aliwaachia paka, ambao Mji wa Kale hawahitaji mwaliko. Kila siku ya nne alilipindua lote kwa koleo ili lipate hewa. Wiki ya tano lilikuwa limefika kiunoni, linanukia udongo wa mvua, na ndani yake ukitia mkono huvumilii joto. Vidole vyake vilifunga nyufa. Alipaka hina tena, akajiona bibi harusi, Mungu amsamehe.

Siku ya ukaguzi Nicanor alilitazama lundo akashika kichwa.

"Mkaguzi aone jaa hili? Lifunike!"

Alikuwa ameshanunua masanduku matatu ya mbao yaliyopakwa rangi ya kijani, akayajaza, yaonekane ya mboji, udongo mweusi wa bustani, uliokuja ndani ya magunia ya plastiki. Lundo likafunikwa turubai la nailoni, kingo zikabanwa kwa matofali.

"Baba, lataka pumzi hili," Mejumaa akamwambia. "Na leo ndiyo siku yake ya kupinduliwa."

"Cheti kikikosekana, mama, sinki lako lipo palepale."

Maneno hayo yalimchoma kuliko sabuni yote ya miaka kumi na tisa. Alisimama kando ya turubai, akaona maji yanavyotoka chini yake, akasikia harufu ya uchachu inaanza kurudi. Kule mbele, mkaguzi, bi Cynthia, alikuwa akioneshwa masanduku. Mejumaa alijua vyema: akinyamaza lundo litaoza, akilifunua huenda leo leo akarudi sinkini. Akapiga bismillahi, akavuta matofali, akalitupa turubai kule, akachomeka koleo.

Mvuke ukapaa mpaka juu ya ukuta.

"Moto! Moto!" Nicanor akaja mbio amekumbatia mtungi wa unga wa kuzimia moto, tai imeruka begani.

Mejumaa akajitia kati, mikono ameitandaza.

"Ukitaka kunyunyiza unga huo, ninyunyize mimi kwanza! Si moto, yuwapumua huyu!"

Bi Cynthia alikuwa amemfuata meneja nyuma. Mkononi alishika kipimajoto kirefu cha chuma, kile alichokuwa ametoka kukichomeka kwenye masanduku ya kijani. Akamzunguka Nicanor, akakisukuma ndani ya lundo, akasubiri.

"Nyuzi sitini na moja," akasema. "Masanduku yako, bwana meneja, yana ishirini na tisa, sawa na hewa ya nje. Hakuna kilichowahi kuiva humo." Akamgeukia Mejumaa. "Nani amekufundisha?"

"Harufu, mwanangu. Ilinifukuza, nikairudia. Na kwa kulifunua leo, huenda nikarudishwa sinkini."

Bi Cynthia aliandika kwa muda mrefu. "Cheti mtapata, kwa sababu ya lundo hili na chupa zenu za kioo. Masanduku sikuyaona. Baada ya miezi mitatu nitarudi, na nikimkuta mama huyu sinkini, msinisumbue tena na barua za kuomba cheti."

Kesho yake asubuhi Mejumaa alipofika uani alimkuta Nicanor amesimama kando ya lundo, hajui aweke wapi mikono. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe hoteli ile, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama Mejumaa."

"Marahaba, mwanangu," akaitika, akamnyooshea koleo. "Anzia upande ule wa machicha."