Zamu ya AC Mpya

Ouma alikuwa na ugonjwa wa kutunza vitu. Shati jipya lilikaa sandukuni mpaka likanuka mende, na sahani nzuri nyumbani kwake Makongeni zilingoja wageni wasiofika. Mwaka wa 1996 tabia hiyo ikamponza.

Alikuwa fundi wa AC katika kiwanda cha nguo hapo Thika, miaka kumi na tisa kazini. Chumba cha seva, ile kompyuta kuu ya kiwanda, kilikuwa kidogo kama stoo ya duka, na ndani kilikuwa na AC mbili za ukutani: moja ikifanya kazi, nyingine imepumzishwa kama akiba. Kila Jumatatu alitakiwa kuzibadilisha zamu, ahakikishe ile iliyowashwa inatoa baridi sawasawa, kisha aandike kwenye karatasi ya mlangoni. Ngendo, mwanamke aliyekuwa mkuu wa kompyuta, alitia sahihi kando kuthibitisha. Joto likipita nyuzi ishirini na saba, kengele ililia kwenye korido.

AC moja ilikuwa mpya, na Ouma aliionea huruma. Ya zamani bado ina nguvu, alijiambia, hii ya nini kuichosha? Miezi mitano akaandika "zamu imebadilishwa" bila kugusa swichi. Ngendo alimwamini mzee, akasaini bila hata kuchungulia ndani.

Alhamisi moja mchana, kompresa, pampu ya gesi ya ile AC ya zamani, ikaungua. Ouma akawasha mpya bila wasiwasi. Feni ikazunguka vizuri, lakini hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu. Gesi ilikuwa imevuja kidogo kidogo kwenye maungio ya bomba, na kwa vile AC hiyo haikuwashwa, nani angejua? Kengele ikaanza kulia.

"Mzee, hii inapuliza joto!" Ngendo akapiga kelele.

"Acha mlango wazi! Zima kompyuta, mimi naleta feni!"

Seva haizimwi kama taa. Kabla Ngendo hajamaliza kuizima, kipimo kilisoma nyuzi arobaini, na diski yenye oda zote za wateja ikafa.

Jioni meneja, Bwana Muasya, aliwaita ofisini na ile karatasi. Ouma angeweza kusema gesi ilivuja wiki hiyo hiyo. Nani angebisha? Lakini aibu ilikuwa imemkaba.

"Sikuwahi kubadilisha zamu, bwana. Kosa ni langu peke yangu. Nifute kazi mimi."

Akahisi mzigo umeshuka. Muasya alikuwa akipitisha kidole kwenye sahihi za Ngendo, moja baada ya nyingine, hadi mwisho wa ukurasa.

"Na wewe, madam, ulikuwa unathibitisha nini?"

"Huyu hana makosa!" Ouma akasihi. "Bwana, huyu mwache!"

Muasya akawaambia wote wawili warudishe funguo. Ngendo akaweka zake mezani, akamgeukia Ouma.

"Ingekuwa ni fundi mwingine, mzee," akasema polepole, "ningeingia kuangalia."