Maoni Sita ya Ndirangu

Ndirangu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa: alipenda hadithi iishe watu wakiwa wanacheka. Aliuokota soko la Muthurwa, alikouza mitumba miaka tisa na kugundua kwamba mteja aliyecheka haondoki mikono mitupu. Ukamkolea alipoanza kuwa MC wa harusi pale mtaani Umoja. Bibi harusi akilia, Ndirangu yuko na kichekesho. Keki ikichelewa, Ndirangu yuko na kichekesho. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba Mungu alimnyima nywele na pesa, akamwachia mdomo, na hata huo mdomo hakumpa maelekezo ya kuutumia.

Basi watu walishangaa kusikia kwamba mtu wa mdomo hivyo amepata kazi ya masikio. Alikuwa na miaka hamsini na mbili alipoajiriwa na Deeqa, mwanamke wa Kisomali aliyezaliwa Eastleigh, mwenye ofisi ndogo ya utafiti huko mtaa wa Fedha, juu ya duka la rangi. Vijana wa Deeqa waliwapigia watu simu na kuwauliza maswali, na yule aliyekubali alirekodiwa. Kisha rekodi zinamfikia Ndirangu. Anavaa hedifoni, anasikiliza, na kila jibu analiweka kwenye fungu lake, kila fungu na namba yake. Jibu moja likiwa na sababu mbili, linaingia kwenye mafungu mawili. Mwishoni anahesabu kila fungu lina watu wangapi, halafu anachagua maoni machache, maneno ya watu wenyewe, ili msomaji asikie sauti nyuma ya hesabu.

Hesabu aliifanya kwa sababu alilipwa. Maoni aliyafanya kwa mapenzi.

Mwezi wa tatu ikaja kazi ya zahanati moja ya Kiamaiko, mtaa wa soko la mbuzi, iliyokuwa ikiendeshwa na shirika la hisani. Wagonjwa wengi walikuja mara moja na hawakurudi, na shirika lilitaka kujua kwa nini. Watu mia mbili na kumi na wawili wakajibu. Ndirangu akasikiliza arubaini wa kwanza, akaona wanasema nini, akafungua mafungu: la kwanza foleni, la pili dawa kuisha, la tatu saa za kufungua, la nne lugha ya muuguzi, na la tano mengineyo, yaani waliohama, waliopona, na mmoja aliyesema alikuwa amepigiwa kwa makosa akaona haya kukata.

Siku ya tatu akampata yule mama. Muuza matumbo, sauti nzito, nyuma yake mbuzi wanalia.

"Huyo sista anatuita vile watu wa hapa wanaita mbuzi," mama akasema. "Anakushika kidevu, anakuangalia ulimi, anakusukuma huko, anasema, 'Mwingine.' Mimi nilingoja tu anipake rangi mgongoni nijue nimenunuliwa."

Ndirangu alicheka mpaka akavua hedifoni kupangusa macho. Akaandika namba nne, lugha ya muuguzi. Akanakili maneno yote kwenye ukurasa wa maoni, akayapiga rangi ya njano, akaenda kujitengenezea chai kama mtu aliyemaliza kazi. Rekodi ilikuwa na dakika moja na nusu mbele yake. Aliiacha hapo.

Jioni akamsimulia mkewe, Wangu, wakiwa mezani na ugali wao. Hakutaja jina wala mtaa, kwa sababu hiyo ni sheria ya kazi, lakini sauti ya mama aliiga, na mbuzi akawaiga pia. Wangu alicheka kweli. Kisha akamega tonge, akauliza, "Na halafu akasema nini, Baba Owen?"

"Halafu nini? Imeisha hapo."

"Mtu aanze kueleza hivyo halafu anyamaze?"

"Mama Owen, wewe huwezi kufurahia kitu bila kuuliza risiti."

Wangu akaendelea kula.

Kila ripoti ya ofisi ile ilikuwa na desturi moja. Kabla haijatoka, Deeqa alichukua rekodi moja katika kila kumi, akaisikiliza upya bila kutazama namba alizoweka Ndirangu, kisha wakalinganisha. Lakini wiki ile Deeqa alikuwa Garissa kwenye msiba wa shangazi yake, na shirika lilitaka ripoti. Akampigia Ndirangu, akamwomba ampe mmoja wa vijana wa simu asikilize hizo moja katika kumi. Ndirangu akaona vijana wamechoka. Akajisahihisha mwenyewe. Akasikiliza ishirini na moja, zile alizozikumbuka vizuri, akajipa alama zote, na karibu ajiandikie barua ya pongezi.

Ripoti ikaenda. Foleni, watu mia moja na kumi na wanane. Dawa, sitini na mmoja. Saa, thelathini na wanne. Lugha ya muuguzi, kumi na mmoja. Mengineyo, ishirini na tisa. Chini yake maoni sita, na katika hayo sita, manne yalikuwa ya muuguzi. Mbuzi walikuwa wa kwanza kabisa.

Jumatatu iliyofuata Deeqa alikuwa amerudi. Jacky, afisa wa shirika lile, akapiga simu, na Deeqa akaiweka kwenye spika ili Ndirangu asikie sifa zake.

"Mzee Ndirangu, ile ripoti imesomwa na kila mtu hapa," Jacky akasema. "Yale maoni ndiyo yametufungua macho. Ijumaa kamati inakaa, na tumeshakubaliana kumwondoa yule sista. Lorraine. Amekaa pale miaka sita, na kumbe hivyo ndivyo anavyoongea na watu."

Ndirangu alikuwa ameanza kutabasamu. Tabasamu likamkwama usoni, halikujua liende wapi.

Simu ilipokatwa, Deeqa hakupandisha sauti. Huwa hapandishi, na hilo ndilo humtisha Ndirangu.

"Fungu la nne ni watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Katika mia mbili na kumi na wawili. Watano katika kila mia. Na kwenye maoni?"

"Manne katika sita."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema mengi. "Yalikuwa matamu," akasema.

"Zahanati ina sista mmoja, mzee. Hatukuandika jina lake, lakini kuna nani mwingine wa kusemwa pale? Ni kama tumeweka picha yake." Akamsogezea hedifoni. "Sikiliza hao kumi na mmoja. Mpaka mwisho. Na zile za moja katika kumi, nani alizikagua nilipokuwa msibani?"

"Mimi."

"Ulijikagua."

"Nilipita," akasema Ndirangu, na safari hii hata yeye hakucheka.

Akaanza na mama wa matumbo. Mbuzi, kidevu, ulimi, rangi mgongoni. Alipofika pale alipovua hedifoni siku ile, akaona aibu inampanda shingoni kabla mama hajasema neno. Kijana wa simu alikuwa akicheka pia kwenye rekodi. Kisha mama akaendelea.

"Lakini mimi simlaumu. Yuko peke yake tangu asubuhi. Yeye ndiye anaandika kadi, anapima presha, anadunga sindano, anafagia. Siku ile nilimwona anakunywa chai ikiwa imeshika utando. Mimi sikurudi kwa sababu ya foleni, nina biashara. Msiende mkamtoa huyo msichana kwa sababu ya maneno yangu. Mkimtoa, siku nikirudi nani atanipima presha?"

Ndirangu akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Msiende mkamtoa. Huyo mama alikuwa ameliona jambo lenyewe tangu siku ile, amesimama katikati ya mbuzi, akaomba lisitokee, na yeye aliyelipwa kusikia alikuwa jikoni akitafuta sukari.

Akapitia wale kumi waliobaki. Tisa kati ya wote kumi na mmoja, ukiwasikiliza mpaka mwisho, walilalamikia foleni pia, na yeye alikuwa amewapa namba nne peke yake kwa sababu kalamu yake ilikuwa ikicheka. Foleni ikatoka mia moja na kumi na wanane ikawa mia moja na ishirini na saba. Karibu watu sitini katika kila mia. Fungu la nne likabaki na watu wake kumi na mmoja, kwa sababu ukali wa sista ulikuwa kweli na haukufaa kufichwa. Deeqa akazikagua upya rekodi za moja katika kumi yeye mwenyewe, alizozichagua bila kumwonyesha. Akampata na makosa mengine mawili. Ndirangu akayaandika yote mawili kwenye barua ya masahihisho.

Kazi ngumu ikawa maoni. Sita tu, na sasa yalipaswa kufuata hesabu: matatu ya foleni, mawili ya dawa, moja la saa. La muuguzi halikupata nafasi, likabaki kwenye hesabu tu. Watu wa foleni hawakuwa na mzaha hata kidogo. "Nilingoja mpaka saa nane, nikaenda nyumbani." "Mtoto alilala kwenye benchi." Maneno makavu mno, na yalikuwa ya watu mia na kitu. MC mzima akakaa akiyanakili kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Alhamisi akampigia Jacky yeye mwenyewe. Alimwambia hivi: "Nilichagua maneno ya kunichekesha mimi. Kosa ni langu, si la sista." Akamsomea hesabu mpya. Kisha akamsomea maneno ya yule mama yote, ili ajue yale ya kwanza yalikatwa wapi.

"Hivi hii ilikuwa hapo tangu mwanzo?" Jacky akauliza.

"Ilikuwa hapo. Mimi ndiye sikuwapo."

Kamati ikakaa Ijumaa, na Ndirangu hakuweza kula chakula cha mchana. Jumatatu ikaja barua ya mistari mitatu: muuguzi anabaki, na ombi la kuajiri wa pili limepelekwa kwa wafadhili. Hakuna aliyemsifu. Alikuwa hastahili, na alilijua hilo vizuri kuliko wote.

Mwezi wa kumi shirika lilirudi na swali moja: nini kimebadilika? Vijana wakawapigia wale wale waliokubali kupigiwa tena, na asubuhi moja ile sauti nzito ikaingia masikioni mwa Ndirangu, na mbuzi wake nyuma.

"Huyo sista?" mama akasema. "Bado anatushika kidevu. Na sasa wamemletea mwenzake, amemfundisha, tunashikwa videvu na watu wawili."

Ndirangu akacheka kwa sauti, mpaka Deeqa akainua kichwa kwenye meza yake. Mkono ukaenda kwenye hedifoni, kwa mazoea. Akaurudisha, akaukalia.

Mama alikuwa akipumua tu. Mbuzi akalia. Zikapita sekunde saba, nane.

"Lakini nilitoka saa tatu na nusu," akasema. "Nilikuta matumbo hayajaharibika."

Ndirangu akaandika namba moja, foleni imepungua. Akasubiri mpaka simu ikatwe, ndipo akavua.