Barua Pepe ya Binti Yangu kwa Wenye Hoteli

Siku binti yangu anaandika ile barua pepe, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu kando ya mashine ya kukausha. Nakaa pale kwa sababu pana joto. Bukoba mvua ikianza asubuhi haina haraka ya kuondoka, na mifupa ya mzee inajua mapema kuliko redio.

Mimi ni dobi. Shule niliishia darasa la tatu, kule Buganguzi, halafu nikashuka mjini kutafuta maisha. Baba yangu aliposikia kwamba mwanawe wa kiume anafua nguo za watu alinyamaza wiki nzima, na mtu yule hakuwa na desturi ya kunyamaza. Nikamletea shati lake jeupe la kanisani nimelipiga pasi ya mkaa, kola imesimama. Akalivaa Jumapili. Akapita njia ndefu, ile inayozunguka nyumba za jirani. Basi nikajua amekubali.

Nilikuwa nasema habari za barua. Binti yangu alikuwa ameacha kazi yake ya ofisini Mwanza, akarudi nyumbani, akanunua mashine tatu: mbili za kufua na hiyo ya kukausha. Nguo za mtu mmoja mmoja hazishibishi mashine kama zile. Zinataka mashuka, taulo, vitambaa vya meza. Zinataka hoteli. Aliniambia wazi, bila kulia: mvua hizi zikiisha hatujapata hoteli, anauza mashine na kurudi Mwanza kuajiriwa. Nilisikia, nikaendelea kunywa chai yangu, lakini chai haikuwa na ladha tena.

Akaniita, na kwa Kihaya chetu baba ni tata. "Tata, sikiliza nikusomee kabla sijaituma."

Akasoma. Naikumbuka kwa sababu tuliigombania sana.

"Ndugu Meneja. Tunafua mashuka, taulo na vitambaa vya meza vya hoteli. Tunakuja kuchukua wenyewe: hoteli za Bukoba mjini kila siku kabla ya saa nne asubuhi, hoteli za Muleba Jumatatu na Alhamisi. Mzigo tunauhesabu pamoja nanyi mlangoni. Unarudi kesho yake kabla ya saa nane mchana, umepigwa pasi na kukunjwa. Hatutegemei jua, tuna mashine ya kukausha na jenereta. Doa lililotushinda tutawaonyesha, hatutalificha ndani ya mkunjo. Na tukijua tutachelewa au kupungukiwa, mtapata simu yetu kabla hamjatupigia."

Nikamwuliza, "Salamu iko wapi?"

"Hiyo hapo. Ndugu Meneja."

"Hiyo ni salamu ya polisi. Mtu humjui, unamfikia na mashuka moja kwa moja? Muulize ameamkaje, watoto wazima, mvua kwao ikoje."

"Tata, meneja anasoma akiwa amesimama. Mgeni wa chumba fulani anadai taulo, mpishi anadai gesi. Akifika kwenye watoto wazima atakuwa ameshaifuta."

Haya, salamu nikaiacha. Nikamwomba aweke kwamba baba yake amepiga pasi kanzu za mapadre kwa miaka mingi. Akasema hilo watalijua wakiona mikunjo. Hapo alinipaka mafuta kidogo, nami nikayapokea. Lakini ile sentensi ya mwisho, ya kuchelewa, niliikatalia kabisa.

"Ni sawa na mtu aliyekwenda kuposa," nikamwambia, "amekaa mbele ya wakwe, halafu anawaambia kwamba siku nyingine huwa analewa."

Alicheka mpaka akaweka kompyuta chini. Kisha akasema, "Wakwe wote wanajua kwamba wanaume hulewa, tata. Wanachotaka ni yule atakayesema mapema." Akabonyeza. Ikaenda.

Aliituma kwa mameneja wote kwa mkupuo mmoja, anwani zao zikiwa wazi, kila mmoja anamwona mwenzake. Basi aliyejibu kwanza aliwajibu wote, wakamsoma. Alikuwa mama mmoja mwenye hoteli karibu na ziwa, hapa hapa mjini. Aliandika: "Wote huandika hivi. Dobi wangu wa mwisho aliandika vizuri kuliko nyinyi, na mashuka yalirudi yananuka banda la kuku. Nitaamini nikiona." Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kimya, siku ya kwanza, ya pili. Binti yangu alikuwa akifungua simu, anaifunga, anakwenda kufuta mashine vumbi ambalo halikuwepo.

Jibu likatoka Muleba. Meneja wa hoteli ndogo kando ya barabara: "Njooni Alhamisi. Jumamosi nina harusi, wageni wanaanza kulala Ijumaa jioni. Mkinitupa, ni mimi nitakayesimama mbele ya wakwe."

Nikamwambia binti yangu, unaona, na yeye amewataja wakwe. Yeye alikuwa tayari anatafuta funguo za gari.

Alhamisi tukaenda, yeye akiendesha pikapu, mimi pembeni. Meneja tulimkuta mlangoni, kijana wa upande wa Rubya, tumbo limeanza kutangulia. Wakahesabu mashuka yeye na binti yangu, moja moja, wakiangalia madoa. Moja lilikuwa na mafuta ya senene, wale panzi wa kukaanga, mgeni alikuwa amewala kitandani. Wakayafunga mafurushi. Mimi na kijana tukaulizana kwetu, na aliposikia Buganguzi akashika kichwa. Mama yake ameolewa kutoka huko, mlima wa pili kutoka kwetu. Basi ikawa si biashara tena. Tukaletewa kahawa ya kutafuna, tukatafuna. Wakati wa kuondoka akasema kwa heshima ya kwetu, "Waitu, mzee wangu huwezi kutoka kwangu mikono mitupu." Mlinzi akatoka nyuma na mkungu wa ndizi, umekatwa asubuhi ile shambani kwa mama yake, mnene, wa kupendeza. Akaupakia nyuma juu ya mafurushi, akatufunikia turubai vizuri kwa ajili ya mvua. Tukashukuru. Nani angefanya vingine? Kwetu gari likienda mjini bila mkungu watu huuliza kama kuna ugomvi.

Mvua ikatupiga kuanzia Kemondo mpaka nyumbani.

Sasa utomvu wa ndizi, kwa asiyeujua, ni kitu cha hila. Ukitoka kwenye kikonyo ni maji tu, huuoni kwenye nguo, tena kwenye nguo iliyolowa ndiyo kabisa. Ukipata sabuni na joto, ndipo unajionyesha, rangi ya kahawa iliyochemka sana. Watoto wa kwetu wana nguo za shamba na nguo za shule kwa sababu hiyo. Binti yangu alifua, akakausha, na jioni alipofungua mlango wa mashine akakaa akitazama. Mashuka manne ya juu yalikuwa na madoa kama mtu amemwaga chai akikimbia.

Tulijaribu. Limau na chumvi, dawa ya kung'arisha, hata mafuta ya taa ambayo mama yangu alikuwa akitumia. Yalififia kidogo, hayakutoka.

Nikasema, "Yaweke katikati ya mkunjo. Harusi ikipita, wakayaone wenyewe, watadhani ni wageni."

"Niliandika nini, tata?"

"Uliandika. Lakini hapa utasema nini? Kwamba zawadi ya mama yake imeharibu mashuka ya harusi? Mtu anakupa mkungu, unampigia simu kumshtaki mkungu?"

Alifikiri kidogo, akachukua simu, akaweka sauti nami nisikie.

"Meneja, habari za jioni. Nakuambia mapema. Mashuka yako yote ni safi isipokuwa manne, yameingia utomvu wa ndizi, hayatoki."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu. Kisha, "Utomvu? Kwangu wageni hawali ndizi mbichi kitandani."

Binti yangu akanitazama. Mimi nikatazama mashine.

"Umeingia garini," akasema. "Gari ni letu na kufunika ni kazi yetu. Nitakuja na manne mapya ya ukubwa ule ule. Nimekupigia sasa ili upange vitanda vyako leo, usije kugundua kesho."

Nikasikia sahani za jikoni kwake. Halafu yule kijana akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayejaribu kukizuia.

"Juu ya mafurushi," akasema. "Yule mlinzi aliuweka juu ya mafurushi, na mimi nimesimama pale natazama. Mama atanisema mpaka Pasaka."

"Usimwambie," binti yangu akasema. "Mkungu tutaula, ni mzuri sana."

"Uleni. Mje na mashuka kabla ya saa nane, mengine tutayasahau."

Asubuhi, maduka yalipofunguliwa tu, tukanunua mapya manne, tukayafua kwanza kwa sababu shuka jipya hukwaruza. Tukapiga pasi, hapo nilisimama mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aguse kona. Tulifika Muleba jua limechomoza katikati ya mawingu, kabla ya saa nane, meneja bado amevaa ndala, hajavaa viatu vya kupokelea wageni. Alishika mkunjo wa juu, akaunusa, akaupitisha shavuni kama mwanamke anayechagua khanga. Yale manne yenye madoa tuliyaweka peke yake, juu kabisa, ayaone kwanza. Akayatazama akasema, "Hayo mzee kaa nayo."

Jumatatu simu ya binti yangu ikalia. Kijana alikuwa amejibu ile barua pepe, na amewajibu wote, kama yule mama alivyofanya. Aliandika: "Harusi imepita. Walisema kabla ya saa nane, walifika bado nimevaa ndala. Kulikuwa na kasoro, waliniambia kabla sijaijua, na wakaja na dawa yake. Shuka linanuka shuka. Ombi langu moja, msiwape mkungu wa ndizi."

Haikupita muda yule mama wa ziwani akajibu, naye kwa wote: "Mkungu wa ndizi umefikaje kwenye mashuka?" Hakuna aliyemweleza. Halafu akapiga simu, si kuandika, akauliza kama kesho kabla ya saa nne ni kweli kabla ya saa nne. Binti yangu akamwambia ndiyo, mama. Kesho yake tulifika mapema, tukasubiri getini mpaka mlinzi akatuonea huruma.

Mashine haziuzwi. Siku hizi zinanguruma tangu asubuhi, nami kiti changu nimekisogeza kwa sababu joto limezidi. Nikipita mjini huwa najikuta nimepita njia ndefu, ile ya kando ya hoteli, na madirishani naona mashuka yetu yametandikwa.

Muleba bado tunaenda Jumatatu na Alhamisi, na kijana bado hakubali tuondoke mikono mitupu. Lakini mkungu sasa unasafiri mbele, miguuni pangu, kikonyo kimefungwa kipande cha shuka. Ni moja ya yale manne. Nimelikata vipande, na kila kipande nimekipiga pasi.