Jibu Nililokataa Kulifuta

Shangazi yangu alikuwa na duka la kushona nguo mtaa wa Mlandege. Siku moja, miaka michache baada ya Mapinduzi, alikuta kufuli ngeni mlangoni na karatasi yenye mhuri: leseni yake imefutwa. Sababu haikutajwa, wala hakuna aliyemwita kumuuliza neno. Alikwenda ofisini mara tatu. Mara ya tatu aliambiwa akirudi tena atajuta.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini alikuwa karani mstaafu wa mahkama, mzee wa Kihindi. Shangazi alinituma nikamuulize kama ipo njia. Nilimwamkia, akanikaribisha barazani, akanieleza taratibu kama anayemsomesha mtoto hesabu. Alisema Mahkama Kuu inaweza kuuchungua uamuzi wa ofisa, lakini si kwa kuuliza kama ofisa ameamua vizuri.

"Jaji hakai kwenye kiti cha ofisa," alisema. "Anauliza mambo matatu tu. Sheria imempa uwezo huo? Amefuata njia iliyowekwa? Amemsikiliza yule atakayeumizwa na uamuzi? Kama hata moja halikutimia, jaji anaufuta uamuzi, na ofisa anarudi kuamua upya, safari hii kwa haki."

Nilimuuliza kama basi shangazi aende mahkamani. Akasema mlango upo kwenye vitabu, lakini yeye hamjui wakili hata mmoja mjini atakayethubutu kuugonga. Akaniomba nisimtaje kwa mtu.

Wiki ile ile mwalimu mkuu, aliyetusomesha siasa, alitupa suali la mtihani wa darasa: eleza kwa nusu ukurasa utawala wa sheria, na kazi ya mahkama ya kuchungua maamuzi ya serikali, toa mifano. Alitegemea mifano ya wakoloni. Mimi niliandika hivi:

"Utawala wa sheria maana yake ni kuwa mtawala na mtawaliwa wote wako chini ya sheria, na hakuna anayeadhibiwa kwa matakwa ya mtu. Mahkama hulinda jambo hili kwa kuchungua kama mwenye madaraka amebaki ndani ya mipaka yake. Mfano wa kwanza: ofisa wa kikoloni aliyepewa uwezo wa kupima mashamba, akayachukua. Amevuka uwezo wake. Mfano wa pili: mshonaji wa Mlandege aliyefutiwa leseni bila ya kuitwa wala kusikilizwa. Mahkama haitasema apewe leseni. Itasema asikilizwe kwanza. Na pale ambapo amri inasema mahkama isiulize kitu, sheria ipo kwenye karatasi, lakini utawala wa sheria haupo."

Siku ya kurudishiwa madaftari mwalimu aliniita mbele ya darasa. Alisoma mfano wa pili kwa sauti, akauliza nani kanifundisha. Nilisema suali limetaka mifano, na huo naujua kwa macho yangu. Akanipa kalamu niufute. Nikaiweka kalamu mezani.

"Siufuti, mwalimu. Kama ni uongo, nionyeshe uongo wake."

Akasema amenifukuza skuli mpaka mwisho wa muhula, kwa kuitukana serikali.

"Nnaomba nisikilizwe kwanza," nilimwambia. "Na asinihukumu yule yule anayenishitaki."

Akacheka, akaniambia hapa si mahkamani. Akaniamuru niliandike jibu upya pale pale, bila ya upuuzi, huenda akanipunguzia. Nilikaa nikaliandika upya kwenye karatasi, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwanzo. Chini yake nikaongeza: "Mfano wa tatu: mwanafunzi anayefukuzwa na mtu aliyekuwa mshitaki wake na hakimu wake, bila ya kusikilizwa." Nikampelekea, nikachukua daftari na vitabu vyangu, nikatoka kabla hajamaliza kusoma.

Muhula ule niliumaliza kwenye shamba la Kizimbani, nikipalilia mikarafuu pamoja na wanawake wa shamba, maana adhabu yangu iliongezewa kazi ya lazima, iliyoitwa ya kujenga taifa. Nilirudi skuli nikiwa nyuma ya wenzangu kimasomo. Hakuna aliyeniomba radhi, na duka la Mlandege alipewa mtu mwingine.

Shangazi nilimwogopa kuliko mwalimu. Nilidhani atanigombeza kwa kumtia kwenye daftari. Alinitaka nimsomee jibu lote, mfano baada ya mfano, huku akishona nguo za majirani chumbani kwetu, bila ya leseni ya mtu yeyote. Nilipofika kwa mshonaji wa Mlandege aliusimamisha mguu juu ya kikanyagio cha cherehani.

"Hujaandika kama nilikwenda mara tatu," alisema. "Andika."